Seli Isiyoweza Kuua wala Kuachia

Msichana wa miaka 7 analazwa hospitalini akiwa na homa kwa siku ya tisa. Kipimo cha haraka cha malaria kimetoka hasi mara mbili, lakini dawa ya mseto alishapewa na akaimaliza. Zahanati ya pili ilisema ni taifodi, akaandikiwa vidonge. Ya tatu ikaanza sindano za seftriaksoni, na leo ni siku ya nne ya sindano hizo. Homa inapanda hadi nyuzi 39.5 kila jioni kana kwamba hakuna aliyeigusa. Shingoni ana tezi zilizovimba, koo lilimuuma siku za mwanzo, na mama yake anasema mtoto amekuwa mnyonge kuliko homa yoyote aliyowahi kuugua.

Mtoto huyu nimemuunda mimi, kwa kukusanya namna ugonjwa huu unavyojitokeza kwa kawaida, ili tuweze kumfuata hatua kwa hatua. Kitabibu unaitwa hemofagositiki limfohistiositosisi, na kwa kuwa jina hilo linachosha hata wanaolitumia kila siku, hospitalini huitwa HLH. Ni hali ambayo kinga ya mwili huamka kupambana na adui, kisha hukosa namna ya kusimama. Kinachomuua mgonjwa mara nyingi ni kinga hiyo yenyewe, na wala si kijidudu kilichoiamsha.

Kipimo cha picha kamili ya damu siku ya kulazwa kinaonyesha hemoglobini gramu 9.8, seli nyeupe 3,100, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kugandisha jeraha, 138,000. Zote ziko chini kidogo. Peke yake karatasi hiyo haimshtui mtu, maana virusi vingi hushusha damu namna hiyo kwa siku chache. Kipimo cha kasi ya kushuka kwa chembe nyekundu, kile kinachoandikwa ESR kwenye fomu, ni 74, yaani kimepanda kama inavyotarajiwa kwa mtu mwenye uvimbe wowote mwilini.

Siku tatu baadaye kipimo kinarudiwa. Hemoglobini ni 7.9. Chembe sahani zimeshuka hadi 52,000. Nyutrofili, askari wa kwanza dhidi ya bakteria, zimebaki 700. Bandama, ambayo siku ya kulazwa ilikuwa haishikiki, sasa inashikika sentimita tano chini ya mbavu. Macho yameanza kuwa ya manjano. Na ESR, kinyume na matarajio ya kila mtu, imeanguka kutoka 74 hadi 11.

Hapa ndipo daktari mzuri husimama. ESR ikishuka tunafurahi, tunasema dawa inafanya kazi. Lakini mtoto huyu anazidi kuzama, na kipimo kinasema anapona. Sababu ni kwamba ESR hupanda pale damu inapokuwa na protini nyingi iitwayo faibrinojeni, inayozifanya chembe nyekundu zigandamane na kuzama haraka. Katika HLH protini hiyo huteketezwa. Ikiisha, chembe nyekundu huzama polepole, na namba inaonekana nzuri wakati mgonjwa yuko hatarini zaidi. Mgonjwa wa homa ambaye hali yake inazidi kuwa mbaya huku ESR yake ikishuka ghafla anapaswa kupimwa feritini siku hiyohiyo.

Feritini ni protini ya kuhifadhi chuma. Kwa watu wengi wenye afya huwa chini ya nanogramu 300 katika mililita moja ya damu. Maambukizi ya kawaida huipandisha hadi mamia, wakati mwingine zaidi ya elfu moja. Ya mtoto wetu inarudi ikiwa 4,600. Kesho yake asubuhi ni 11,900.

Ili kuelewa namba hiyo imetoka wapi, tuingie ndani ya mwili wenyewe.

Kinga yetu ina seli zilizopewa kazi ya kuua. Baadhi ni seli T za kuua, nyingine ni seli za kuua za asili. Zinapokutana na seli ya mwili iliyovamiwa na virusi, huigandia kwa nguvu, kisha huimwagia protini inayoitwa peforini, inayotoboa ngozi ya seli hiyo. Kupitia tundu hilo huingia vimeng'enya vinavyoiamuru ijiue. Seli iliyovamiwa ikifa, seli muuaji huachia, ikaenda kutafuta nyingine. Kazi yote huchukua dakika chache.

Sasa chukua mtoto aliyezaliwa na jeni mbovu ya peforini. Seli yake T inamwona adui vizuri, inamgandia vizuri, lakini haina cha kumtobolea. Adui hafi. Na kwa kuwa kufa kwa adui ndiko kunakoipa seli ishara ya kuachia, inabaki imegandia. Watafiti waliotazama jambo hili chini ya darubini, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, waliona seli zilizoshindwa kuua zikikaa zimegandia takriban mara tano zaidi ya zile zenye afya. Muda wote huo zinamwaga saitokini, kemikali za kuitana, na kubwa kati ya hizo ni intaferoni gama. Ni mlinzi aliyemkamata mwizi lakini pingu hazifungi, basi anapiga filimbi bila kukoma, na kila filimbi inaita walinzi wengine ambao nao pingu zao hazifungi.

Wanaoitika kwa wingi ni makrofaji, seli kubwa zinazokaa katika bandama, ini na uboho wa mifupa, ambazo kazi yake ya kila siku ni kumeza takataka na chembe za damu zilizozeeka. Intaferoni gama huziamsha kupita kiasi. Zinamwaga saitokini zake zenyewe, zinazopandisha homa. Zinatoa feritini kwa wingi, na ndiyo maana namba yake inaruka kutoka mamia hadi maelfu. Zinatoa vitu vinavyoyeyusha faibrinojeni. Zinajazana katika bandama na ini hadi vinavimba. Na nyingine huanza kumeza chembe za damu zilizo hai, ndani ya uboho kwenyewe zinakotengenezwa. Wakati huohuo saitokini zinazuia kimeng'enya kinachosafisha mafuta katika damu, kwa hiyo kipimo cha trigliseraidi kinapanda kwa mtoto ambaye kwa wiki nzima hajala chakula cha maana.

Ukilitazama hivyo, orodha ya dalili inayoonekana kama mkusanyiko wa mambo yasiyohusiana, yaani homa, bandama kubwa, damu kupungua, mafuta kupanda, faibrinojeni kushuka na feritini kuruka, inageuka kuwa jambo moja. Yote yanatoka kwa makrofaji walioamshwa na hawajaambiwa walale.

Ushahidi kwamba intaferoni gama ndiyo kiini ulipatikana kwa panya. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichukua panya wasio na peforini, wakawaambukiza virusi ambavyo panya wa kawaida huvishinda. Panya hao walipata ugonjwa ule ule wa watoto, hadi damu kupungua na makrofaji kumeza chembe. Walipozuia intaferoni gama, wengi waliishi. Kutokana na njia hiyo ilikuja dawa ya emapalumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina ya kurithi ya ugonjwa huu. Bei yake iko mbali na mfuko wa hospitali nyingi za Afrika Mashariki, lakini imethibitisha kwa binadamu kile ambacho panya walikuwa wamekionyesha.

Aina ya kurithi ilielezwa mwaka 1952 huko Edinburgh, Uskoti, na madaktari Farquhar na Claireaux, walioona watoto wawili wachanga wa tumbo moja wakifa kwa homa na kupungukiwa damu. Ilichukua hadi mwaka 1999 kuijua jeni ya peforini kuwa mojawapo ya chanzo. Tangu hapo jeni nyingine zimepatikana, nyingi zikihusika na usafirishaji wa peforini ndani ya seli hadi mahali pa kumwagwa. Mtoto huugua anapopata nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe ni wazima. Kila mimba ya wazazi hao ina uwezekano wa moja kwa nne. Uswidi, ambako waliohesabu walikuwa makini, aina hii huonekana kwa takriban mtoto mmoja kati ya 50,000 wanaozaliwa. Palipo na desturi ya kuoana mabinamu, kama katika familia nyingi za Ghuba na baadhi ya familia za pwani yetu, uwezekano wa wazazi wawili kubeba kasoro ileile huongezeka. Kwa hiyo daktari akikuuliza kama wewe na mwenzio ni ndugu, au kama kuna mtoto aliyefariki zamani kwa homa isiyojulikana, usione anakuchimba. Jibu lako linaweza kuokoa wiki nzima ya vipimo.

Lakini mtu mwenye jeni nzima kabisa anaweza pia kuingia katika hali hii, na wagonjwa wakubwa wengi ni wa namna hiyo. Kwao kinachotokea ni kwamba kichocheo hakiondoki. Virusi vya Epstein-Barr ni mfano mkubwa. Vilitambuliwa London mwaka 1964 katika uvimbe wa taya wa watoto waliotoka Uganda, na karibu kila mtu duniani huambukizwa navyo, wengi wetu utotoni bila hata kujua. Kwa wachache huzichochea seli za kinga kuliko kinga yenyewe inavyoweza kumudu. Kifua kikuu kilichosambaa mwilini kinaweza kufanya hivyo, hasa kwa mwenye virusi vya ukimwi. Saratani ya limfu hufanya hivyo, na kwa watu wazima saratani zinahusika katika karibu nusu ya wagonjwa walioripotiwa. Baridi yabisi ya watoto, ile inayokuja na homa na vipele, nayo hufanya hivyo.

Turudi kwa msichana wetu, sasa ni siku ya 13 ya homa.

Vigezo vinavyotumika sana ni vile vya mwaka 2004, vilivyowekwa na jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa magonjwa haya. Viko vinane, na mgonjwa akitimiza vitano anahesabiwa kuwa na HLH. Vitatu kati yake vinahitaji vifaa visivyopatikana kila mahali: kuchungulia uboho, kupima nguvu ya seli za kuua za asili, na kupima kipande cha protini kinachomwagwa na seli T zilizoamka. Watu wengi wakisikia hivyo hukata tamaa. Hesabu vile vitano vilivyobaki. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, anayo. Bandama iliyovimba, anayo. Aina mbili kati ya tatu za chembe za damu kuwa chini, hemoglobini chini ya 9, chembe sahani chini ya 100,000 au nyutrofili chini ya 1,000. Yeye ana zote tatu. Trigliseraidi milimoli 3 au zaidi, au faibrinojeni gramu 1.5 au chini. Yake ni 3.9 na 1.1. Feritini 500 au zaidi. Yake ni 11,900. Vitano vimetimia kwa mkono wa daktari, kipimajoto na maabara ya hospitali ya rufaa. Mwaka 2024 vigezo hivyo vilipitiwa upya, na kile cha nguvu ya seli za kuua kikaondolewa. Mimi naona ni hatua nzuri, maana kiliwachelewesha wengi.

Kuhusu uboho pia kuna jambo la kusema. Ni kweli picha ya makrofaji lililomeza chembe nyekundu inavutia, na wengi huamini bila picha hiyo hakuna ugonjwa. Mwanzoni mwa ugonjwa uboho unaweza kuwa safi kabisa. Na makrofaji yanayomeza chembe yanaweza kuonekana kwa mtu mwenye bakteria katika damu au aliyeongezewa damu hivi karibuni, asiye na HLH hata kidogo. Uboho wa mtoto huyu ulichukuliwa kwa sababu nyingine iliyo muhimu zaidi: kuhakikisha hana saratani ya damu, na hana vijidudu vya kalaazar.

Nayo feritini isiabudiwe. Utafiti wa hospitali moja ya watoto huko Texas, uliochapishwa mwaka 2008, uligundua kwamba kwa watoto feritini iliyozidi 10,000 inaelekeza kwenye HLH kwa uhakika mkubwa. Kwa watu wazima haiko hivyo. Figo zilizoshindwa, ini lililoharibika na maambukizi makali vinaweza kuifikisha huko. Na huku kwetu kuna kundi kubwa la kukumbuka: mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi hubeba chuma kingi mwilini, na feritini yake inaweza kuwa maelfu hata siku anayocheza mpira. Kwa mtu kama huyo kinachosema kitu ni mwendo. Feritini ya chuma cha kuongezewa damu haibadiliki sana kutoka Jumatatu hadi Jumatano. Ya HLH inaweza kujizidisha mara mbili ndani ya siku moja, kama ya msichana wetu.

Swali linalofuata ndilo linaloamua matibabu: nini kimeamsha kinga? Na hapa makosa mawili yanawezekana, yote yakiwa ya kuua.

Kosa la kwanza ni kuiona HLH na kusahau kumtafuta aliyeiamsha. Mfano ulio wazi zaidi kwa ukanda wetu ni kalaazar. Inapatikana Baringo, Pokot Magharibi, Turkana na Wajir nchini Kenya, na Karamoja nchini Uganda. Inaenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu ambaye katika nyanda hizo kavu hupenda kujificha kwenye vichuguu vya mchwa. Kalaazar yenyewe huleta homa ndefu, bandama kubwa na kupungua kwa chembe zote za damu, na inaweza kutimiza vigezo vya HLH kimoja baada ya kingine. Mgonjwa wa namna hiyo hahitaji sumu ya saratani. Akipewa dawa ya kalaazar, iwe sindano mbili za kila siku kwa siku 17 zinazotumika sana hapa kwetu au amfoterisini ya mishipani, mara nyingi makrofaji hutulia yenyewe kwa sababu kichocheo kimeondoka. Ulaya wamewahi kupewa dawa za saratani watoto waliorudi likizoni kutoka pwani ya Mediterania, kabla mtu hajagundua kwamba walikuwa na kalaazar. Kipimo cha haraka cha tone la damu la kidoleni kipo, na swali la kuuliza ni rahisi: katika mwaka huu mmoja mtoto amelala wapi?

Kifua kikuu kiko karibu na hapo. Mgonjwa mwenye HLH ya kifua kikuu anayepewa steroidi bila dawa za kifua kikuu atapata nafuu ya siku chache, kisha ataanguka. Saratani ya limfu ina mtego wake: steroidi huiyeyusha kwa muda, na tezi iliyokuwa na jibu inakatwa wiki moja baadaye ikiwa haina kitu cha kuonyesha. Kwa hiyo, hali ya mgonjwa ikiruhusu hata nusu siku, tezi ikatwe kwanza na uboho uchukuliwe kwanza, ndipo steroidi ianze.

Kosa la pili ni kungoja. Daktari anaona nyutrofili 700, anaona dawa inayopendekezwa ni ya saratani na inashusha nyutrofili zaidi, anaogopa. Anaongeza antibiotiki nyingine, anangoja majibu ya jeni kutoka ng'ambo. Hofu hiyo inaeleweka, lakini imekaa upande usiofaa. Nyutrofili ziko chini kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, na zitapanda ugonjwa ukishikwa. Mtoto anayengojewa hufa kwa kuvuja damu, kwa ini kushindwa, kwa bakteria wanaoingia pasipo askari, au kwa ubongo kushambuliwa. Ubongo ndio unaonitisha zaidi, maana mtoto anaweza kupona damu yote akabaki na kifafa au kushindwa kutembea. Degedege, makengeza ya ghafla au usingizi usio wa kawaida ni sababu ya kupima maji ya uti wa mgongo, mara chembe sahani zikiruhusu.

Kwa msichana wetu malaria imetafutwa tena na haipo, kalaazar haipo, uboho hauna saratani, picha ya kifua ni safi, kipimo cha ukimwi ni hasi. Virusi vya Epstein-Barr vimepatikana kwa wingi mkubwa katika damu. Virusi hivi havina dawa inayoviua moja kwa moja kama ilivyo kwa kalaazar, kwa hiyo kinachobaki ni kuzishusha seli T zilizoamka.

Njia iliyotumika kwa miaka mingi ilitokana na mpango wa kimataifa ulioanza mwaka 1994, ulioongozwa na kundi la Jan-Inge Henter wa Stockholm. Dawa zake kuu mbili si ghali sana. Ya kwanza ni deksamethasoni, miligramu 10 kwa kila mita mraba ya mwili kwa siku. Mtoto wetu ana kilo 22 na urefu wa sentimita 120, eneo la mwili wake ni karibu mita mraba 0.85, basi anapata miligramu 8.5 kwa siku. Kiwango hicho hukaa wiki mbili, kisha hupunguzwa nusu kila wiki mbili, hadi kuisha mwishoni mwa wiki ya nane. Deksamethasoni ilichaguliwa juu ya steroidi nyingine kwa sababu inafika vizuri kwenye ubongo. Ya pili ni etoposaidi, miligramu 150 kwa kila mita mraba, mara mbili kwa wiki katika wiki mbili za mwanzo, kisha mara moja kwa wiki. Kwa nini dawa ya saratani imponye mtu asiye na saratani? Majaribio ya panya yalionyesha kwamba etoposaidi huua kwa upendeleo seli T zilizokwisha kuamka na kuziacha zilizolala. Ndizo hasa tunazozitaka zife. Kwa HLH ya virusi vya Epstein-Barr, wagonjwa walioianza mapema, ndani ya wiki nne za mwanzo, waliishi kwa wingi zaidi kuliko waliocheleweshwa.

Pamoja nazo mtoto anapewa septrini na dawa ya fangasi, kwa sababu kwa wiki nane kinga yake itakuwa imezimwa kwa makusudi. Anaongezewa damu na chembe sahani inapohitajika. Figo na ini hupimwa kila mara, na kiwango cha etoposaidi hupunguzwa figo zikilegea.

Homa inakata siku ya pili ya deksamethasoni. Hilo si ushindi bado, steroidi hukata homa ya karibu kila kitu. Kinachotazamwa ni feritini na faibrinojeni. Feritini inashuka hadi 5,200 siku ya nne, na 1,300 baada ya siku kumi. Kushuka kwa kasi namna hiyo ni dalili njema. Feritini inayokataa kushuka hata kwa nusu inamaanisha dawa haitoshi, au kichocheo kingine kimesahauliwa, na utafutaji unaanza upya. Faibrinojeni inarudi, na ESR, kwa mara nyingine ikimshangaza asiyejua, inapanda kidogo. Chembe sahani zinapita 100,000 katika wiki ya tatu. Bandama inarudi chini ya mbavu.

Damu yake inatumwa kupimwa jeni hata kama amepata nafuu, kwa sababu virusi vya Epstein-Barr vinaweza kuwa vimeamsha tu ugonjwa wa kurithi uliokuwa umejificha miaka saba. Akikutwa na jeni mbovu, dawa hizi zitamtuliza lakini hazitamponya. Tiba yake ni kupandikizwa uboho, na hapo ndugu anayetaka kujitolea lazima apimwe jeni ileile kwanza, asije akampa dada yake kasoro aliyokuwa nayo. Jeni zikiwa nzima, anamaliza wiki nane, anafuatiliwa, na kwa uwezekano mkubwa anarudi shuleni.

Matokeo kwa ujumla yasielezwe kwa maneno matamu. Kabla ya mpango wa 1994, aina ya kurithi ilikuwa karibu hukumu ya kifo, wengi wakifa ndani ya wiki chache. Kati ya watoto 249 waliotibiwa chini ya mpango huo, zaidi kidogo ya nusu, asilimia 54, walikuwa hai baada ya miaka mitano. Wengi kati ya waliokufa walikufa mapema, kabla tiba haijapata muda wa kufanya kazi. Watu wazima wenye HLH ya saratani ya limfu hali yao ni ngumu zaidi hata leo.

Kwa mganga anayesoma haya akiwa kituo cha afya kisicho na feritini, ombi langu ni moja: homa ikipita siku saba na chembe mbili za damu zikiwa zinashuka, usibadilishe antibiotiki kwa mara ya tatu, mpe mgonjwa rufaa. Na wewe mzazi, unapohamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine, dai karatasi zote za majibu na uzibebe, hata zile zilizoandikwa kuwa ni za kawaida. Daktari atakayempokea mwanao anahitaji kuona chembe sahani zilikuwa ngapi Jumatatu na ni ngapi Alhamisi. Bila karatasi ya Jumatatu atalazimika kungoja siku nyingine tatu ili aone kile ambacho tayari kilikuwa mkobani mwako.